Hofu ya Kulala Peke Yako: Sauti za Usiku na Namna ya Kutulia Jioni

Mtu mzima anayeogopa kulala peke yake nyumbani mara nyingi hamwambii mtu. Mtoto akilia kwa sababu ya giza hubebwa, lakini mama wa miaka hamsini akisema anaogopa giza anahofia kuchekwa. Kwa hivyo huficha. Huacha taa ikiwaka usiku kucha na kusema ni kwa ajili ya wezi, au humwita mpwa wake aje "kusaidia kazi", au huenda kulala kwa dada yake wiki nzima. Katika kaunti hii hali zinazomwacha mtu peke yake ni nyingi: mume anaendesha lori la Moyale, watoto wako shule za bweni, vijana wamehama na mifugo kutafuta malisho, mwenzi amefariki. Nyumba iliyozoea watu saba inabaki na mmoja, na sauti ambazo zilikuwepo siku zote zinaanza kusikika.

Hofu hii ina maelezo, na ina njia ya kupunguzwa ambayo haihitaji dawa kwa watu walio wengi. Inaanza na kujua kinacholia.

Bati linalolia

Nyumba nyingi za mji wa Isiolo na vituo vya biashara zimeezekwa kwa mabati. Mchana jua hulipasha bati mpaka mkono haushikiki, kisha baada ya jua kuzama linapoa haraka. Chuma kikipata joto hurefuka na kikipoa hunywea. Bati la mita 3 likipoa kwa nyuzi 30 hupungua urefu kwa takriban milimita 1. Ni kidogo sana kwa jicho, lakini bati limeshikwa na misumari kwenye mbao na haliwezi kunywea polepole. Hujikaza, hujikaza, kisha huachia ghafla kwa kishindo: "pa!" Mtu aliye ndani peke yake husikia kana kwamba kuna aliyekanyaga paa. Tangi la plastiki la maji na mlango wa chuma hufanya vivyo hivyo.

Sauti hii ina tabia zake. Hutoka nyingi katika saa mbili au tatu za kwanza baada ya jua kuzama, kisha hupungua bati linapofikia baridi ya usiku. Hulia mara moja moja, mahali tofauti, bila mpangilio. Usiku wa mawingu, au baada ya siku ya mvua, hupungua sana kwa sababu bati halikupata joto. Anayetaka kuhakikisha aketi nje saa moja usiku na mtu mwingine, asikilize paa lake lilelile likilia huku akiliona halina mtu.

Sababu ya pili ni kwamba usiku sauti husafiri mbali zaidi. Mchana hewa iliyo karibu na ardhi huwa na joto, na sauti hupinda kwenda juu na kupotea. Usiku mtulivu ardhi hupoa, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu yake, na sauti hurudishwa chini. Juu ya hayo, kelele za soko, pikipiki na watoto zimenyamaza. Ndiyo maana lori linalopunguza mwendo kwenye barabara kuu linasikika kana kwamba liko nyuma ya choo. Mlio wa fisi, ule unaoanza chini na kupanda juu, unaweza kusikika hadi kilomita 5. Anayeusikia akiwa Burat au Ngare Mara asidhani kwamba mnyama yuko mlangoni kwa sababu tu sauti ni kubwa. Hilo halimaanishi kutoka nje kwa miguu usiku. Linamaanisha tu kwamba aliye ndani, mlango umefungwa, yuko salama.

Kisha wako wageni wa dari. Panya hukimbia kwa hatua nyepesi za haraka na kutafuna. Popo hukwaruza na kulia kwa sauti nyembamba wakati wa kutoka magharibi na wakati wa kurudi alfajiri. Mjusi wa ukutani hutoa mlio wa "tik-tik". Bundi mweupe, anayependa kukaa kwenye dari na majengo makuukuu, hapigi sauti ya kuimba bali hutoa ukelele mrefu unaofanana na wa mtu anayeumia. Wapo wanaouchukulia kuwa habari mbaya. Mara nyingi alichofuata bundi huyo ni panya walewale wanaokimbia darini, na nyumba iliyokuwa na bundi mwaka jana huenda ikawa naye mwaka huu kwa sababu hiyo hiyo.

Sauti ya mtu hutofautiana na hizi zote. Hatua hufuatana kwa mwendo mmoja na huelekea upande fulani. Anayejaribu kitasa au dirisha hurudia mahali pale pale, na husimama ghafla aliye ndani akikohoa au akiwasha taa. Mbwa wa majirani nao hubweka kwa kufuatana, wakielekea upande mmoja. Mtu akisikia mambo haya asitoke nje kuchungulia. Abaki ndani, awashe taa, ampigie jirani waliyekubaliana naye mapema, na apige 999 au 112. Makubaliano hayo na jirani, au na kiongozi wa Nyumba Kumi, yafanywe mchana: nani atapigiwa kwanza, na nani wa pili wa kwanza asiposhika simu. Kumtafuta mtu wa kupigia wakati mikono inatetemeka ni kazi ngumu.

Mwili unavyofanya

Sauti ya ghafla hufika kwenye sehemu ya ubongo inayoshughulikia hatari kabla mtu hajapata nafasi ya kufikiri. Moyo hudunda, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, masikio hutega. Hiyo ni kazi nzuri ya mwili. Shida iko katika kinachofuata. Mwili ulioshtuka husikiliza kwa makini zaidi, kwa hivyo husikia sauti ndogo zaidi, na kila moja humshtua upya. Kufikia saa sita usiku mtu anahesabu kila mkwaruzo.

Hapo ndipo anapofanya mambo mawili yanayoonekana kumsaidia lakini yanaikuza hofu. La kwanza ni kukimbia: kwenda kwa jirani, au kuwasha kila taa na televisheni kwa sauti kubwa. Hofu hushuka mara moja, na ubongo unajifunza kwamba amepona kwa sababu alikimbia. Kesho yake nyumba ile ile inaogopesha zaidi. La pili ni kukagua mlango tena na tena. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio ambalo watu waliombwa kukagua jiko la gesi lililochorwa kwenye kompyuta mara nyingi mfululizo. Walikumbuka vilevile kama wengine walichokagua, ila imani yao katika kumbukumbu ile ilipungua. Aliyekagua komeo mara nane analala na wasiwasi kuliko aliyekagua mara moja.

Mzunguko mmoja wa kufunga

Kwa hivyo utaratibu wa jioni una shabaha ndogo na ya wazi: kukagua mara moja, vizuri, kisha kutorudi.

Sehemu yake ya kwanza hufanywa kabla ya giza. Huku kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, kwa hivyo saa kumi na moja na nusu ni wakati mwema wa kuzunguka nyumba kwa nje. Ndoo, karai na mtungi viingizwe ndani. Kamba ya nguo na bati lililolegea vifungwe, maana upepo wa kiangazi cha katikati ya mwaka hautasamehe kitu kilicholegea. Taa ya sola itolewe juani, simu ijazwe chaji, tochi iwekwe mahali pamoja pasipobadilika karibu na kitanda. Stima ikipotea, mtu asianze kupapasa.

Chai ya majani iliyokolea na kahawa ziishe kabla ya saa kumi jioni. Kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi. Kwa kawaida nusu yake huwa bado ipo baada ya saa tano hivi, na mtu aliyekunywa vikombe viwili saa mbili usiku hawezi kutofautisha moyo unaodunda kwa chai na unaodunda kwa hofu.

Mzunguko wa kufunga huanza saa tatu, baada ya chakula na sala, na hufuata njia ile ile kila siku: mlango wa mbele, dirisha la sebuleni, mlango wa nyuma, dirisha la chumbani, jiko. Katika kila kituo mtu ashike komeo kwa mkono na aseme kwa sauti, "Mlango wa nyuma, komeo limeingia." Mkono na sauti huacha kumbukumbu iliyo wazi kuliko jicho pekee. Akimaliza, aandike alama kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Saa tano wasiwasi ukimwambia ainuke, ataangalia alama, wala si mlango.

Jambo moja katika mzunguko huu ni la uhai. Wenye hofu huziba kila upenyo, na wakati wa baridi wengine huingiza jiko la makaa chumbani. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu akiwa usingizini. Jiko libaki nje hata kama makaa yanaonekana yamezimika, na tundu la juu la kupitisha hewa lisizibwe kwa nguo.

Baada ya kufunga, mwanga upunguzwe: taa moja ndogo, si ya kumulika usoni. Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa, na kila mara tochi ya simu inapowashwa kazi hiyo huanza upya, pembe za chumba zikawa nyeusi kuliko zilivyokuwa. Mtu aketi au alale, mkono mmoja tumboni, avute pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, kwa dakika tano. Moyo hupunguza mwendo kidogo wakati wa kutoa pumzi, na ndiyo sababu ya kuifanya iwe ndefu zaidi. Asivute kwa nguvu. Kuvuta hewa nyingi mno huleta kizunguzungu na ganzi vidoleni, mambo ambayo mwenye hofu huyaona kama ugonjwa mpya.

Wiki nne za mama mmoja

Utaratibu wa jioni peke yake hautoshi kwa mtu ambaye hofu imemkalia kwa miezi. Anahitaji pia kuizoea nyumba kwa hatua. Njia hii si ya juzi: Joseph Wolpe, daktari aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1915, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1958, na hadi leo matibabu ya hofu hutegemea wazo la kukutana na kinachoogopwa kidogo kidogo.

Chukua mfano wa mama wa miaka 48 wa Bulla Pesa. Mume wake husafiri siku kumi kwa wakati mmoja, na kitinda mimba ameingia shule ya bweni mwezi Januari. Tangu hapo hulala taa zote zikiwaka, au binti wa dada yake huja. Anaandika kwenye daftari usiku wa aina mbalimbali na kuupa kila mmoja alama ya hofu kati ya 0 na 10. Kukaa chumbani gizani dakika kumi, binti akiwa sebuleni: 3. Kukaa hivyo hivyo binti akiwa kwa jirani: 5. Kulala peke yake taa ya sebuleni ikiwaka: 7. Kulala na taa ndogo ya sola tu: 8. Usiku wa upepo, stima imepotea: 10.

Anaanza na ile ya 3. Sharti ni moja: haondoki mpaka hofu ishuke nusu. Usiku wa kwanza anaketi, alama inapanda hadi 5 bati linapolia, inakaa hapo dakika kadhaa, kisha inashuka yenyewe hadi 2. Hakufanya chochote kuishusha. Hilo ndilo somo ambalo ubongo haukuwahi kulipata, kwa sababu kila mara alikuwa ameshaondoka kabla ya kushuka. Anarudia usiku tatu, na wa tatu unaanza na 1. Anasogea hatua inayofuata.

Daftari lina ukurasa mwingine wa sauti: saa, sauti ilivyokuwa, na asubuhi yake, chanzo. "Saa mbili na robo, kishindo juu: bati." "Saa saba, kukwaruza: tawi la mwarobaini." Tawi linakatwa. Baada ya wiki mbili sauti mpya ni chache sana. Karibu zote zimeshaandikwa.

Wiki ya pili inakwama, na sababu yake inafaa kujulikana. Alilala peke yake usiku nne lakini simu ya dada yake ilikuwa wazi mpaka asubuhi. Hofu haikushuka, kwa kuwa ubongo ulihesabu kwamba aliyemlinda ni dada. Wanakubaliana simu iwe ya dakika kumi, saa mbili na nusu, baada ya hapo iwe ni kwa dharura tu.

"Na nikikupigia saa nane?" anauliza.

"Nitashika, dada. Lakini kwanza angalia ile alama ukutani."

Wiki ya tatu stima inapotea usiku wa upepo, na mama anakimbilia kwa jirani. Hatari ya usiku kama huo ni kuuona kama mwisho wa kazi yote. Kesho yake anarudi hatua moja nyuma, taa ya sebuleni ikiwaka, na baada ya usiku mbili anaendelea. Kufikia wiki ya nne analala na taa ya sola. Usiku wa upepo bado ni 4, na hapo panatosha. Anayelala na hofu ya 4 analala.

Miraa, jinamizi na dawa za dukani

Mwili unaweza kutengeneza hofu ambayo haina uhusiano na nyumba. Miraa ina kathinoni, kichocheo kinachoharakisha moyo, kinachofukuza usingizi na, kwa baadhi ya watu, kinacholeta shaka kwamba mtu anafuatwa au anasemwa. Anayetafuna kuanzia alasiri na kuogopa saa saba za usiku aache kwa wiki mbili kabla ya kulaumu nyumba. Siku za kwanza huwa za uchovu na ndoto mbaya, hupita. Pombe nayo humlaza mtu mapema kisha humwamsha usiku wa manane moyo ukidunda.

Wengine huamka wakiwa hawawezi kusogeza mkono wala kupiga kelele, na huhisi kuna mtu chumbani au uzito kifuani. Hilo ni jinamizi. Wakati wa ndoto mwili huzima misuli ili mtu asiigize anachoota. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijaachiliwa. Hudumu sekunde kadhaa hadi dakika chache na haliui. Huja zaidi kwa waliokosa usingizi na wanaolala chali. Kulala ubavu na kwa saa zisizobadilika hulipunguza. Likija, kujaribu kutikisa kidole kimoja tu ni rahisi kuliko kupigana na mwili wote.

Vidonge vya usingizi vya kununua bila cheti cha daktari visitumiwe. Diazepamu, kwa mfano, hutuliza usiku wa kwanza, lakini mwili huizoea kwa wiki chache, na kuiacha ghafla huleta hofu kubwa kuliko ya mwanzo. Kwa wazee huongeza kuanguka usiku.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Baadhi ya hofu hazifai kushughulikiwa kwa daftari. Aliyewahi kuvamiwa, kubakwa au kupoteza mtu katika shambulio, na tukio hilo humrudia kana kwamba linatokea sasa, asijilazimishe kukaa gizani peke yake, anahitaji mshauri. Vivyo hivyo anayesikia sauti zikimwita au kumwamuru wakati wengine hawasikii, anayefikiria kujidhuru, na mjane ambaye baada ya miezi mingi hali wala halali. Mzee wa miaka sabini ambaye hakuwahi kuogopa usiku na ameanza ghafla, hasa akichanganyikiwa jioni, apelekwe kupimwa mapema: maambukizi, macho au masikio yanayodhoofika, na ugonjwa wa kusahau vyote vinaweza kuanza hivyo.

Na kuna anayeogopa usiku kwa sababu ya mtu anayejua anarudi. Hofu hiyo ni sahihi, na haiondolewi kwa pumzi. Nambari ya bila malipo ya kusaidia wanaodhulumiwa nyumbani ni 1195.

Kwa wengine, hatua ya kwanza ni mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji au mtaa, anayeweza kusaidia kuandika orodha ya hatua na kumwelekeza mtu kwenye zahanati au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Isiolo. Anayetaka kuzungumza na mshauri kwa simu anaweza kupiga 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, bila malipo. Aendaye kliniki achukue daftari lake: saa za sauti, alama za hofu, na alichokula, kunywa au kutafuna siku hiyo. Kwa kurasa hizo mhudumu ataona kwa dakika chache kile ambacho mtu mwenye aibu angechukua nusu saa kukisema.